Alama Moja na Ukanda Wake: Kosa Sanifu la Upimaji katika Kufasiri Matokeo ya Mtahiniwa Mmoja nchini Rwanda

Ikisiri

Alama ya mtihani hutangazwa kama namba moja, ilhali kila upimaji una kosa lake. Makala haya yanaeleza maana ya kosa sanifu la upimaji na ya ukanda wa kuaminika unaochorwa kuzunguka alama ya mtahiniwa mmoja. Mfano unaotumika ni wa mwanafunzi anayemaliza shule ya msingi nchini Rwanda. Makala yanaonesha jinsi ukanda unavyokokotolewa, tafsiri gani ni sahihi na ipi si sahihi, na makosa gani ukanda wa kawaida hauyaoni. Hatimaye yanadai kuwa kanuni ya kuunganisha alama za masomo huathiri haki ya mtahiniwa aliye karibu na kikomo kuliko mahali kikomo chenyewe kilipowekwa.

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayemaliza mwaka wa sita wa shule ya msingi nchini Rwanda hufanya mtihani wa kitaifa katika masomo matano: Kinyarwanda, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia ya Awali, na Maarifa ya Jamii na Dini. Mtihani huo unasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mitihani na Ukaguzi wa Shule (NESA), iliyoundwa mwaka 2020. Matokeo yanapotangazwa jijini Kigali, familia nyingi hutazama mambo mawili: kama mtoto amefaulu, na kama atapangiwa shule ya bweni au shule ya kutwa iliyo karibu na nyumbani. Kwa walio juu sana au chini sana, namba huamua bila utata. Kwa walio karibu na kikomo, alama mbili tu zinaweza kubadilisha njia yote ya masomo. Swali la makala haya linawahusu hao: tofauti ya alama mbili inasema nini kuhusu kile mtoto anachokijua?

2. Alama iliyopatikana na alama halisi

Nadharia ya kale ya upimaji, iliyojengwa juu ya kazi ya Charles Spearman ya mwaka 1904, huanza na mlinganyo mfupi: alama iliyopatikana ni jumla ya alama halisi na kosa. Istilahi "alama halisi" haina maana ya ujuzi wote ulio kichwani mwa mwanafunzi. Maana yake ni wastani ambao mwanafunzi huyo angeupata iwapo angefanya mitihani mingi sana iliyo sawa kwa ugumu na kwa maudhui, bila kujifunza wala kuchoka kati ya mtihani mmoja na mwingine. Wastani huo hauonekani kamwe. Kinachoonekana ni matokeo ya siku moja na ya karatasi moja.

Kosa nalo si lazima liwe uzembe wa mtu. Huenda karatasi imeuliza mada tatu ambazo mtoto alizirudia wiki iliyopita, au imeziacha. Huenda alibahatisha jibu likawa sahihi, au aliamka na homa. Mambo haya hupandisha alama ya mtahiniwa mmoja na kushusha ya mwingine, na hakuna anayeweza kusema kwa mtoto fulani kosa lilielekea upande upi. Kinachoweza kukadiriwa ni ukubwa wake wa kawaida, na kadirio hilo ndilo kosa sanifu la upimaji:

K = M × √(1 − u)

K ni kosa sanifu la upimaji, M ni mkengeuko sanifu wa alama za watahiniwa wote, na u ni kigezo cha uthabiti wa mtihani, kilicho kati ya 0 na 1. Mara nyingi u hukokotolewa kwa alfa iliyopewa jina la Lee Cronbach kutokana na makala yake ya mwaka 1951.

Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kuwa karatasi ya Hisabati yenye alama 100 ina mkengeuko sanifu wa 15 na uthabiti wa 0.91. Kipeuo cha pili cha 0.09 ni 0.3, kikizidishwa na 15, kosa sanifu linakuwa alama 4.5. Uthabiti wa 0.91 huhesabiwa kuwa mzuri na aghalabu huripotiwa kwa fahari. Hata hivyo, mtihani huo mzuri una kosa la kawaida la alama nne na nusu kwa kila mtoto.

3. Ukanda unasema nini

Tuchukue mtahiniwa aliyepata 48 katika karatasi hiyo, na tuseme kikomo cha kufaulu ni 50. Ukanda wa kosa sanifu moja kila upande unaanzia 43.5 hadi 52.5. Ukanda wa asilimia 95, unaopatikana kwa kuzidisha 4.5 kwa 1.96, unaanzia takriban 39 hadi 57. Kikomo kimo ndani ya kanda zote mbili.

Tafsiri inayosikika mara nyingi ni kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95 kuwa alama halisi ya mtoto huyu imo kati ya 39 na 57. Ukanda huu hausemi hivyo. Asilimia 95 ni sifa ya utaratibu: iwapo ukanda wa namna hii utachorwa kuzunguka alama ya kila mtahiniwa, basi katika kila kanda 100, takriban 95 zitakuwa zimeikumbatia alama halisi ya mwenyewe. Ni kama mvuvi ajuaye kuwa wavu wake hunasa mara 95 katika mitupo 100. Ujuzi huo unahusu wavu, haumwambii lililotokea katika mtupo huu mmoja.

Anayetaka kusema lolote kuhusu uwezekano wa mtoto huyu mwenyewe analazimika kuongeza taarifa nyingine, yaani jinsi alama zilivyotawanyika katika kundi lake. Truman Kelley alionesha kuwa kadirio bora la alama halisi huvutwa kuelekea wastani wa kundi. Ikiwa wastani wa watahiniwa wote ni 60, kadirio la mtoto wetu ni 0.91 × 48 + 0.09 × 60, yaani takriban 49.1, na kosa la kadirio hilo ni takriban 4.3. Kwa mgawanyo wa kawaida, uwezekano wa alama yake halisi kufika 50 au zaidi ni takriban 41 katika 100. Huyu ndiye mtoto ambaye orodha ya matokeo inamwita "aliyeshindwa".

Hesabu hii ina mtego kwa mtunga sera. Kundi likiwa si nchi nzima bali shule ya mtoto, mwanafunzi wa shule yenye wastani wa chini atavutwa chini, na wa shule yenye wastani wa juu atavutwa juu, ingawa wote wawili wamepata 48. Kwa hiyo kadirio la Kelley linafaa katika utafiti, lakini halifai kutumiwa kumpangia mtoto mmoja shule.

Ulinganisho wa watahiniwa wawili unahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa makosa ni mawili. Kosa sanifu la tofauti ni 4.5 × √2, yaani takriban 6.4. Aliyepata 52 na aliyepata 48 wametofautiana kwa alama 4, kiasi kilicho chini hata ya kosa sanifu moja la tofauti. Mtihani huu hauna uwezo wa kusema kwa uhakika nani kati yao anajua zaidi.

4. Kosa ambalo ukanda hauoni

Alfa hupima jinsi maswali ya karatasi moja yanavyokubaliana. Msahihishaji mmoja akisahihisha karatasi nzima kwa ukali, ukali wake huingia katika maswali yote kwa pamoja, nayo alfa huuona kama sehemu ya alama halisi. Katika insha na maswali ya maelezo jambo hili ni zito zaidi kuliko katika maswali ya kuchagua. Ikiwa tofauti kati ya wasahihishaji ina mkengeuko sanifu wa alama 3, kosa kamili ni kipeuo cha pili cha 20.25 jumlisha 9, yaani takriban 5.4. Ukanda uliochorwa kwa 4.5 utakuwa mwembamba kuliko ukweli. Dalili yake ni rahisi kuitafuta: sampuli ya karatasi isahihishwe mara mbili na wasahihishaji wasioonana, kisha tofauti za alama zao zikokotolewe.

Usahihishaji wa pili kwa walio chini kidogo ya kikomo, kwa mfano kuanzia 45.5 hadi 49, hupunguza kosa hili. Haupunguzi lile linalotokana na uteuzi wa maswali, kwa kuwa karatasi ni ileile. Tena, waliopata 50 hadi 54 nao wana kosa lilelile, na baadhi yao wamebebwa na bahati. Kurudia usahihishaji upande wa chini pekee ni uamuzi kwamba kumnyima anayestahili ni vibaya kuliko kumpitisha asiyestahili. Uamuzi huo unaweza kutetewa, mradi uandikwe kabla ya matokeo kujulikana.

5. Kikomo au kanuni ya kuunganisha

Pendekezo la haraka ni kushusha kikomo hadi 46. Hilo halitibu kosa, bali hulihamishia kwa waliopata 45. Kinachobadilisha hali ni kanuni ya kuunganisha masomo.

Mwanafunzi mwenye alama halisi ya 55 katika kila somo kati ya matano anastahili kufaulu kote. Kwa kosa sanifu la 4.5, uwezekano wa kupata chini ya 50 katika somo moja ni takriban 13 katika 100. Kanuni ikidai afaulu kila somo, na makosa ya masomo yakiwa hayategemeani, uwezekano wa kuvuka yote matano ni takriban 49 katika 100. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wa namna hii wataangushwa na kosa la upimaji pekee. Kanuni ikitumia wastani wa masomo matano, kosa sanifu la wastani ni 4.5 gawanya kwa √5, yaani takriban 2.0, na wanaoangushwa hupungua hadi chini ya mmoja katika 100.

Wastani nao una gharama yake: mwenye udhaifu mkubwa katika Hisabati anaweza kufichwa na Kinyarwanda kizuri. Njia ya kati ni kutumia wastani kwa uamuzi wa jumla, pamoja na kiwango cha chini katika somo la msingi kilichowekwa mbali na 50, kwa mfano 35, ili mwenye alama halisi ya 50 asiangukie chini yake kwa bahati mbaya isipokuwa kwa nadra sana.

6. Hitimisho

Ukanda wa kuaminika haumwongezei mtoto alama wala haufuti kikomo, kwa kuwa nafasi za shule zina mwisho na mstari lazima uchorwe mahali fulani. Kazi yake ni kuwaonesha wanaoamua ni watahiniwa gani ambao mstari huo hauwezi kuwatenganisha kwa haki. Kwa hao, uamuzi utafutiwe ushahidi wa ziada: usahihishaji wa pili, wastani wa masomo, au rekodi ya tathmini ya darasani. Na taarifa ya kila mtihani iandike kosa sanifu kwa alama zilezile anazozisoma mzazi, pamoja na kueleza ni vyanzo vipi vya kosa vilivyohesabiwa na vipi vilivyoachwa nje.