Mara Tatu Kwenye Uso wa Saa

Chukua uso wa saa na uandike 0 badala ya 12. Namba 0 hadi 11 hujumlishwa kwa kuzunguka: 9 na 5 ni 2. Hilo ni kundi. Sasa zidisha kila namba kwa 3, ukizunguka vilevile. 5 inatoa 15, yaani 3. Ujumlishe kwanza au uzidishe kwanza, jibu halibadiliki, na ndiyo maana kitendo hiki huitwa homomofizimu. Kuongeza 1 kwa kila namba hakufai, kwani 0 haibaki 0.

Majibu yanayopatikana ni 0, 3, 6 na 9 tu: hiyo ndiyo taswira. Zinazoangukia 0 ni 0, 4 na 8: hicho ndicho kiini. Hapa ndipo panaponivutia zaidi. Namba 1, 5 na 9 zote hutoa 3, kwa sababu tofauti zao zimo ndani ya kiini, nazo zikizidishwa hufutika. Vivyo hivyo 2, 6 na 10 hutoa 6, na 3, 7 na 11 hutoa 9. Mafungu manne, majibu manne.

Thiorem ya kwanza ya isomofizimu inasema mafungu hayo hujumlishwa sawasawa na taswira. Toa 9 katika fungu moja na 6 katika jingine: jumla ni 3, ya fungu linalotoa 9. Na majibu yao, 3 na 6, hufanya 9.