Salfa iliyosimama katikati ya kitunguu saumu

Gunia la vitunguu saumu likitoka Mbulu, abiria aliyekaa jirani nalo hasikii harufu ya kumsumbua, ilimradi punje ni nzima. Akiikanyaga moja tu, basi zima litajua. Ndani ya punje hukaa aliini, dutu isiyo na harufu, na kando yake kimeng'enya kinachoitwa aliinesi, kila kimoja chumbani kwake. Kisu kikipita, kuta hubomoka, viwili hivyo hukutana, na alisini yenye ukali huzaliwa papo hapo. Alisini ilitengwa na Cavallito na Bailey mwaka 1944, na aliini ikafuatia mwaka 1948 mikononi mwa Stoll na Seebeck huko Uswisi.

Kwa hiyo mkemia anayetaka kuiona aliini yenyewe hapondi kwanza. Huzitia punje nzima kwenye methanoli inayochemka ili kimeng'enya kife kabla ya kufanya kazi yake. Aliyeanza kwa kinu na mchi atakuja kusoma alisini kwenye karatasi huku akidhani ni aliini.

Ndugu ya aliini aliye rahisi zaidi kusomeka ni S-alilisisteini. Dutu hii hujikusanya saumu inapolowekwa kwa miezi kwenye mchanganyiko wa maji na ethanoli. Fomula yake ni C6H11NO2S na uzito wa molekyuli ni 161. Tuseme mwanafunzi amepewa fomula hiyo, karatasi mbili za NMR, na penseli. Jina la dutu amefichwa.

NMR hufanya jambo moja. Sampuli iliyoyeyushwa kwenye maji mazito hutiwa ndani ya sumaku kali, hupigwa mawimbi ya redio, na kila haidrojeni hujibu mahali pake kwenye kipimo cha ppm, kulingana na mazingira yake. Katika mfano wetu majibu huja karibu na 5.8, 5.2, 3.9, 3.2 na 3.0. Haidrojeni za nitrojeni na za asidi hazionekani, kwa kuwa zimebadilishana nafasi na zile nzito za maji. Zisizoonekana ni tatu, na zilizobaki juu ya kaboni ni nane. Hesabu hii ifanyike mapema, maana ndiyo itakayomwambia baadaye kama kuna kitu kimepotea.

Karatasi ya kwanza ni COSY, mbinu iliyotokana na wazo la Jean Jeener la mwaka 1971, ambalo kundi la Richard Ernst huko Zurich lililitendea kazi na kulichapisha mwaka 1976. Ni ramani ya mraba yenye haidrojeni kwenye pande zote mbili. Mstari wa mshazari unaokata katikati hauna habari mpya. Habari ziko kwenye madoa yaliyo nje yake. Doa likikaa pale 5.8 inapokutana na 5.2, maana yake haidrojeni hizo mbili zinasikiana, na kwa kawaida zimetenganishwa na vifungo viwili au vitatu tu.

Mwanafunzi anaweka rula kwenye 5.8 na kushuka. Anakuta doa la 5.2, kisha doa la 3.2. Basi haidrojeni ya 5.8 ina jirani pande mbili, na tayari ana mnyororo: 5.2, 5.8, 3.2. Akianzia 3.9 anakuta doa moja tu, la 3.0, na safari inaishia hapo. Vipande viwili, wala hakuna doa linalokwenda kutoka kimoja hadi kingine.

Mtego wa kwanza upo hapo 3.0. Ukitazama kwa karibu utaona haidrojeni mbili zinazopishana kidogo, nazo zina doa kati yao lililobanwa kwenye mshazari. Je, ni majirani walio kwenye kaboni mbili, au wanakaa chumba kimoja? COSY haisemi. Hapo ndipo karatasi ya pili, HSQC, iliyobuniwa na Bodenhausen na Ruben mwaka 1980, inapohitajika. Upande mmoja wa ramani hii ni haidrojeni, wa pili ni kaboni, na kila doa linasema haidrojeni hii imekaa juu ya kaboni ile. Haidrojeni zote mbili za 3.0 zinaangukia kaboni moja, karibu na 32. Ni CH2 moja, na mjadala umekwisha. Zile za 5.2 nazo ni mbili juu ya kaboni ya karibu 118. Haidrojeni ya 5.8 iko kwenye 133, za 3.2 kwenye 34, na ya 3.9 kwenye 54.

HSQC ya aina iliyohaririwa huongeza jambo moja: madoa ya CH2 huwa na rangi tofauti na ya CH. Kaboni za 118 na 133 ni za kifungo maradufu, na kwa rangi zake kipande cha kwanza kinasomeka CH2=CH–CH2. Cha pili ni CH–CH2. Kaboni tano, haidrojeni nane. Kaboni ya sita haina haidrojeni, hivyo HSQC haiwezi kuiona; ni ile ya asidi, karibu na 173 kwenye spektra ya kaboni.

Mtego wa pili ni mdogo ila umewapotosha wengi. Kati ya 5.2 na 3.2 pana doa hafifu kwenye COSY, lenye umbali wa vifungo vinne. Limepitishwa na kifungo maradufu, na nguvu yake ni kama hezi 1, wakati majirani wa kweli husikiana kwa hezi 7, au hata 10 na 17 kwenye kifungo maradufu chenyewe. Anayelichukua kama ujirani wa kawaida atachora pete isiyokuwapo. Fomula itamkatalia: inaruhusu vifungo maradufu au pete mbili tu kwa jumla, na kaboni mbili zilizo maradufu pamoja na asidi zimekwisha kuzijaza.

Vipande viwili vinaunganishwa na nini, basi? Salfa. Haina haidrojeni ya kuonekana, na COSY hukoma mlangoni mwake. Kutokea 3.2 hadi 3.0 ni vifungo vinne, na kwa umbali huo salfa haipitishi habari kwenye COSY. Mkemia mwangalifu ataomba ramani ya tatu, HMBC, inayovuka vifungo viwili au vitatu hadi kaboni. Haidrojeni za 3.2 zikitoa doa kwenye kaboni ya 32, daraja limeonekana.

Lakini 32 na 34 zimekaribiana mno, na HMBC upande wa kaboni si kali. Doa linaweza kuwa ni la kaboni yake yenyewe lililovuja. Namna ya kulitambua ni umbo: lililovuja huja kama jozi, moja kila upande wa 3.2, ilhali la kweli hukaa palepale. Kupunguza dirisha la kaboni kisha kupima tena huondoa shaka.

Sasa turudi kwenye aliini, inayotofautiana kwa oksijeni moja tu juu ya salfa. COSY inabaki karibu vilevile, vipande viwili vilivyotenganishwa. HSQC ndiyo inayobadilika: CH2 mbili zilizokuwa 32 na 34 zinapanda hadi hamsini na kitu, jirani kabisa na CH ya sisteini, na bila rangi za uhariri zingechanganywa. Tena, salfa yenye oksijeni huzifanya haidrojeni mbili za CH2 ya alili zisilingane. Mahali palipokuwa na doa moja, 3.2, huweza kuonekana mawili, yote juu ya kaboni ileile.