Sikio la Mwogeleaji: Nunua Siki, Acha Vijiti vya Pamba

Likizo ya Juni ikifika, watoto wa Upareni wanajua pa kwenda. Milimani kuna ndiva, yale mabwawa ya jadi yanayojazwa maji usiku ili yafunguliwe mchana kwenda mashambani. Tambarare ya Same kuna bwawa la Kalemawe, na upande wa Mwanga kuna Nyumba ya Mungu. Baada ya siku chache za kupiga mbizi mtoto anaanza kujikuna sikio, kisha analia ukimgusa. Mzazi anaingia duka la dawa muhimu na pesa kidogo mkononi, na mara nyingi anatoka na kitu ambacho hakitamsaidia.

Kabla ya kununua, jua kinachotokea. Tundu la sikio la mtu mzima ni mfereji wa sentimita mbili na nusu hivi, unaoishia kwenye ngoma ya sikio. Ngozi yake ni nyembamba na imepakwa nta. Nta hiyo si uchafu: inazuia maji yasiloweshe ngozi, na uchachu wake unawanyima bakteria raha. Maji yakikaa humo muda mrefu, nta inaondoka, ngozi inalainika na kupasuka vipasuko visivyoonekana, na bakteria wapendao unyevu wanaingia. Wakati mwingine ni ukungu badala ya bakteria, na huo huwasha kuliko kuuma.

Kwa hiyo maji machafu yanaongeza hatari, lakini hata maji safi ya bomba yanatosha kuleta tatizo yakibaki sikioni. Na anayechokonoa sikio baada ya kuoga anamalizia kazi ambayo maji yameianza.

Hapo ndipo pesa ya kwanza inapopotea: vijiti vya pamba. Ni rahisi na vipo kila duka, lakini vinasukuma nta ndani, vinakwangua ngozi, na vinafungua mlango wa ugonjwa. Unyoya wa kuku, njiti ya kiberiti na kifuniko cha kalamu vinafanya madhara yaleyale bila hata kulipiwa. Ondoa vyote kwenye bajeti na kwenye mazoea.

Kinga iliyo bora haina bei. Mtoto akitoka majini, ainamishe kichwa upande mmoja, avute sikio juu na nyuma kidogo, aruke mara chache, kisha ageuze upande wa pili. Halafu afute sehemu ya nje tu kwa ncha ya kitambaa kikavu. Kwa watoto wengi hilo linatosha.

Kwa yule ambaye ugonjwa unamrudia kila likizo, ongeza matone ya siki. Chemsha maji, yaache yapoe, kisha changanya kijiko kimoja cha chai cha siki nyeupe na kijiko kimoja cha maji hayo. Utapata mililita 10. Matone manne kila sikio ni matone nane kwa kila kuogelea, na mililita 10 ni matone 200 hivi, yaani mara 25. Kijiko kimoja cha siki kinatosha kwa mara zote hizo, na chupa iliyobaki inarudi jikoni kwenye kachumbari. Tengeneza kidogo kidogo, uweke kwenye chupa safi yenye kidondoshi, na umwage kilichozidi wiki.

Siki inarudisha uchachu ambao maji yameuondoa. Wengine huchanganya siki na spiriti ya kusafishia vidonda, nusu kwa nusu, kwa sababu spiriti inakausha haraka. Inafanya kazi, ila inachoma na inaongeza gharama. Mimi ningebaki na maji.

Mambo mawili ya kuangalia. Soma lebo: unataka siki ya chakula ya asilimia 5, si asidi kali ya kuchanganya mwenyewe, ambayo itaunguza ngozi. Pili, usitie tone lolote la siki kwa mtoto mwenye tundu kwenye ngoma ya sikio, wala kwenye sikio ambalo tayari linauma. Mtoto aliyewahi kutokwa na usaha sikioni mara kwa mara tangu utotoni, au anayesikia upepo ukipenya sikioni anapopenga kamasi, apimwe kwanza. Kuangaliwa sikio kwa kile kifaa chenye taa ni gharama ya mara moja inayokuepusha na nyingine nyingi.

Vizibo vya masikio? Vile laini vya silikoni vinazuia maji vizuri na vinadumu vikioshwa, lakini kwa kawaida utavipata kirahisi zaidi Moshi au Arusha kuliko Same, kwa hiyo hesabu na nauli. Mtoto atapoteza kimoja ndivani, na kimoja pekee hakina faida. Vile vya sponji vya kuzuia kelele usinunue kwa kazi hii, vinanyonya maji. Kwa kuoga nyumbani, kipande cha pamba kilichopakwa mafuta mazito ya kujipaka kinatosha, kikikaa mlangoni mwa sikio bila kushindiliwa. Kwa kupiga mbizi hakifai.

Sasa tuseme umechelewa. Bonyeza kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio, au vuta sikio taratibu. Maumivu yakiongezeka, ugonjwa huenda uko kwenye mfereji wa nje. Kama mtoto ana homa na mafua, na kuvuta sikio hakumuumizi, shuku sikio la kati, ambalo matibabu yake ni tofauti.

Chukua mtoto wa miaka kumi wa Gonja mwenye sikio la nje. Mama ananunua vidonge vya antibayotiki kwa sababu ndivyo jirani alivyopewa. Siku tano zinapita bila nafuu, kwa kuwa dawa ya kumeza hufika kidogo sana kwenye ngozi ya mfereji. Ananunua vingine vya aina nyingine. Kisha analipa bodaboda, gari, kufungua faili na kumwona daktari, akiwa ameshalipa mara mbili. Angeanza na uchunguzi, angepewa chupa moja ya matone ya siprofloksasini au mengine yanayofaa, pamoja na dawa ya maumivu. Matibabu huchukua siku saba hadi kumi, na nafuu huonekana ndani ya siku mbili tatu.

Matone yasinunuliwe kwa kubahatisha. Jentamaisini, kwa mfano, inaweza kudhuru usikivu kama ngoma ina tundu. Na kama mfereji umevimba hadi kuziba, dawa haiingii hata uwe na chupa ya bei gani. Mhudumu atasafisha usaha na kuweka utambi wa kitambaa cha hospitali unaobeba dawa hadi ndani. Hiyo ndiyo huduma inayostahili pesa yako.

Wakati wa matone, mtoto alale ubavu kwa dakika tatu hadi tano, na asirudi majini mpaka matibabu yaishe. Chupa iliyofunguliwa itupe baada ya wiki nne. Kuitunza kwa likizo ijayo si kuokoa pesa.

Mwenye kisukari au upungufu wa kinga asijaribu siki wala kusubiri. Kwake ugonjwa huu unaweza kuingia kwenye mfupa. Akiwa na maumivu makali usiku, au uso ukianza kulegea upande mmoja, aende siku hiyohiyo hospitali ya wilaya, na akipewa rufaa ya KCMC Moshi, nauli hiyo itafutwe kabla ya matumizi mengine yote ya nyumba.