Kurasa 24 za Muyinga, Kurasa 27 za Gitega

Tuseme katibu wa ushirika wa wakulima Muyinga ameandika ripoti ya mwaka kwa Word mpya kwenye laptopu yake. Ina kurasa 24, yaliyomo ukurasa wa 2, na viungo vya kuwapeleka wasomaji kwenye tovuti. Anaituma kwa WhatsApp kwa mwenzake aliye Gitega, aipeleke kwenye duka la kuchapa, igeuzwe PDF na ikabidhiwe ofisini. PDF inatoka na kurasa 27. Kichwa cha sura ya tatu kimebaki peke yake chini ya ukurasa, na viungo havifunguki. Mwenye duka analaumiwa, lakini kosa lilianzia Muyinga.

Kwa kawaida faili ya Word haibebi herufi zenyewe. Inabeba jina la fonti tu, na kompyuta inayoifungua ndiyo inayotafuta fonti hiyo. Word za miaka ya karibuni huanza na fonti iitwayo Aptos, iliyochukua nafasi ya Calibri. Kompyuta ya dukani yenye Word 2010 haina Aptos, basi inaweka nyingine bila kumwuliza mtu. Herufi za fonti hiyo zikiwa pana kidogo tu, neno la mwisho la mstari linashuka chini, aya inaongezeka mstari, na baada ya kurasa kumi kila kitu kimesogea. PDF hugandisha kile ambacho kompyuta inayoigeuza inakiona wakati huo. Kwa hiyo ripoti ilipaswa kugeuzwa Muyinga, kwenye laptopu ileile iliyoiandika, kisha PDF ndiyo ingesafiri kwenda Gitega.

Ikilazimika kusafiri ikiwa Word, katibu abebeshe fonti ndani ya faili. Kwenye Word ya Kifaransa, ambayo ndiyo utakayoikuta kwenye mashine nyingi Burundi, anafungua `Fichier`, halafu `Options`, kisha `Enregistrement`, na kutia alama kwenye `Incorporer les polices dans le fichier`. Faili itakuwa nzito zaidi. Fonti nyingine leseni yake hairuhusu kubebwa hivyo. Kwa hati ya kuzungushwa kwenye kompyuta nyingi, mimi hutumia Times New Roman na simlaumu mtu anayeiona imezeeka.

Kile kichwa kilichobaki chini ya ukurasa kina asili nyingine. Bonyeza kitufe cha ¶ utaona ripoti imejaa alama hizo tupu: mwandishi alikuwa akigonga Enter mara kumi na moja ili sura ianze ukurasa mpya. Enter kumi na moja zinatosha kwenye laptopu yake tu. Zifute zote, uweke `Ctrl+Enter` mahali pamoja, na sura itaanza ukurasa mpya hata mistari ya juu ikiongezeka. Kisha bonyeza `Ctrl+A` na `F9` ili namba za yaliyomo zijirekebishe kabla ya kugeuza. Wengi hulisahau hili, na yaliyomo yanaelekeza msomaji pasipo.

Viungo vilikufa kwa sababu ya kuchapa. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, ilileta printa ya kubuni iitwayo Microsoft Print to PDF, na maduka mengi yameizoea kwa kuwa kuchapa ndiyo kazi yao ya kila siku. Printa hupokea picha ya ukurasa: wino upo, lakini anwani iliyofichwa nyuma ya maneno haipo. Njia sahihi ni `Fichier`, `Enregistrer sous`, kisha kuchagua `PDF` kwenye aina ya faili. Hapo bonyeza pia `Options` na utie alama kwenye `Créer des signets à l'aide de` na `Titres`. Vichwa vya sura vitaonekana pembeni mwa PDF na vitagusika, mradi viliandikwa kwa mitindo ya `Titre 1` na `Titre 2`, si kwa kukoleza wino tu.

Jihadhari na jaribio linalodanganya. Baadhi ya programu za kusomea PDF zikiona maandishi yanayofanana na anwani ya tovuti huyafanya kiungo zenyewe. Ukijaribu anwani iliyoandikwa wazi itafunguka, utadhani vyote viko salama. Jaribu kiungo kilichofichwa nyuma ya maneno ya kawaida, kama «soma hapa», au mstari wa yaliyomo. Kuhusu fonti, fungua PDF kwenye Adobe Reader, bonyeza `Ctrl+D`, na uangalie orodha ya fonti: kila jina liwe na neno linaloonyesha kwamba limo ndani, kama `Embedded Subset` kwa Kiingereza.

Na wewe uliye Gitega, usilipe na kuondoka: fungua PDF kwenye simu yako hapohapo kaunta, hesabu kurasa ziwe 24, na uguse mstari wa sura ya tatu kwenye yaliyomo.