Bado Yuko Ubungo

Sogeeni, wadogo zangu. Mtani wangu ametimiza miaka 30 juzi, na nimemwandikia salamu ambayo nusu ya walioisoma walicheka na nusu wakauliza: huyu ni rafiki au adui? Basi niwasimulie salamu yenyewe, niwafumbulie mafumbo yake.

Niliandika hivi:

"Leo Mchaga wangu ana miaka 30. Alitakiwa kuzaliwa wiki mbili kabla, ila alimwambia mama yake, 'Nipo Ubungo, nakaribia.' Mgeni mheshimiwa wa kila harusi, ambaye hajawahi kumwona bibi harusi akiingia. Ukimkopa elfu moja leo, kesho anakuletea ratiba ya marejesho. Lakini alfajiri moja ya mwaka 2018 alisema yuko Ubungo, na kweli alikuwa Ubungo. Hiyo sijaisahau. Heri ya kuzaliwa, mtani."

Mimi ni Mpare wa Same, yeye ni Mchaga wa Marangu, na makabila haya mawili ni watani wa jadi. Kwenye utani, sisi tunawaambia Wachaga wanapenda pesa, wao wanatuambia Wapare ni wabahili, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Utani wa namna hii uko kwingi Tanzania. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, leo wanataniana. Hata nyumbani mnaujua: babu anamwita mjukuu wake wa kike mchumba, na bibi anajifanya ana wivu.

Sasa hiyo Ubungo. Zamani mabasi ya mikoani yaliondokea Ubungo, kabla hayajahamia kituo kipya cha Mbezi mwaka 2021. Rafiki yangu, kila tulipomsubiri mahali, alijibu simu akisema, "Nipo Ubungo." Nyuma ya sauti yake tulisikia maji ya ndoo yakimwagika bafuni. Tangu hapo, kwetu mtu akichelewa hatumuulizi yuko wapi. Tunasema tu, "Huyo yuko Ubungo."

Mwaka 2018 baba yangu alifariki. Alfajiri ya siku ya maziko nilipokea simu ya mtani wangu: "Nipo Ubungo." Sikuamini. Saa nane mchana alishuka Same, akafunga kanga kiunoni, akaenda moja kwa moja jikoni kusugua masufuria yaliyoungua. Huku anasugua, akawageukia shangazi zangu: "Nyie Wapare, hata machozi mnabana?" Mama yangu, ambaye alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, alicheka mpaka akashika ubavu.

Hiyo ndiyo kazi ya mtani, wadogo zangu. Anaruhusiwa kucheka msibani kwa sababu anafika msibani na anashika kazi. Ndiyo maana salamu yangu iliweza kumtania mwanzo hadi karibu na mwisho: anayesoma anafika kwenye ile alfajiri, na hapo Ubungo ya kwanza inageuka. Kichekesho kile kile kimebeba shukrani. Ningeiondoa sentensi ya 2018, salamu ingebaki orodha ya kasoro za mtu, imebandikwa mahali ambapo bosi wake na mama mkwe mtarajiwa wanaisoma.

Kuna mambo sikuyagusa kwa makusudi. Mtu akitimiza 30 huku kwetu, kila jamaa anamuuliza ataolewa lini, ana watoto wangapi, kajenga wapi. Hayo yanauma, tena yanauma kimya kimya. Nilichagua kasoro anayoisimulia mwenyewe akicheka. Hicho ndicho kipimo changu: kama hajawahi kujicheka kwa jambo hilo mbele za watu, mimi siliandiki. Na la Wachaga na pesa nililiweka kwa sababu naye ananiita bahili kila wiki. Kwa mtu asiye mtani wangu, nisingethubutu kugusa kabila lake hata kidogo.

Mtajuaje kama utani umepokelewa? Angalieni jibu. Rafiki akijibu "asante" kavu, halafu akanyamaza, kuna mahali mmemchoma. Mpigieni simu siku hiyo hiyo, mkamwombe radhi kwa sauti. Mtani aliyefurahi hurudisha mpira.

Wangu alirudisha baada ya saa tano, maana alichelewa hata kusoma: "Asante, Mpare. Zawadi yangu iko wapi, au umebana na hiyo?"

Nimemnunulia saa ya ukutani. Nanyi kama mna rafiki wa kumtania siku yake ya kuzaliwa, kwanza tafuteni siku aliyowafaa, muiandike hiyo, ndipo mrudi juu kuongeza vichekesho.