Mchezo kwenye pinyo: kwa nini mashine inayumba bila kutulia

Dereva wa Kilibula anajua volani yenye mchezo: unaigeuza kidogo, magurudumu bado hayajasikia. Mashine inayojiongoza yenyewe nayo inasumbuliwa na nafasi kama hiyo kati ya meno ya pinyo.

Tuseme motere inazungusha vali ya maji kupitia pinyo, na kipimo kimefungwa kwenye vali. Vali ikipita alama, motere inarudi, ila lazima kwanza ivuke ile nafasi. Vali inachelewa kufuata, inapita alama upande wa pili, na mambo yanajirudia.

Wahandisi wanahesabu hivi: wanachukulia kwamba motere inayumba kama wimbi laini, kisha wanatafuta wimbi kuu la vali. Nafasi ikiwa digrii 2, na motere ikiyumba digrii 2 kila upande, wimbi la vali linabaki asilimia 59 na linachelewa karibu 1/11 ya mzunguko. Kuyumba kukiongezeka, uchelewaji unapungua. Ndiyo maana hakukui bila mwisho, kunabaki kwenye kipimo kilekile.

Ukihamishia kipimo kwenye motere, kuyumba kunaisha, lakini vali inaweza kukosa alama kwa upana wa nafasi. Basi zima motere, tikisa vali kwa mkono: ikicheza, tengeneza pinyo kwanza.