Mkono Umetulia, Sukari Inashuka

Mtu anayejidunga insulini kwa miaka mingi huujua mwili wake. Sukari ikianza kushuka, mikono hutetemeka, moyo huenda mbio, jasho humtoka na njaa humshika ghafla. Hapo hutafuta soda au kijiko cha sukari hata kabla ya kupima. Sasa mpe mtu huyo propranolol, kidonge cha kundi la beta bloka, na baadhi ya dalili hizo hufifia.

Sababu yake ni adrenalini. Sukari ikipungua mwilini, ubongo huamuru homoni hiyo imwagwe, nayo hugusa vipokezi vya beta kwenye moyo na misuli. Kutetemeka na mapigo ya haraka hutoka hapo. Beta bloka hukalia vipokezi hivyo, adrenalini ikifika haipati nafasi. Jasho lakini lina njia yake. Neva zinazoamsha tezi za jasho hutumia kemikali nyingine, asetilikolini, ambayo vidonge hivi havigusi. Kwa hiyo jasho hubaki, na kwa wengine huzidi.

Tuseme kuna mama fundi cherehani wa miaka 58 jijini Dar es Salaam. Anajidunga insulini ya mchanganyiko ya 30/70 asubuhi na jioni. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka kiasi cha kushindwa kutunga uzi, akaandikiwa propranolol miligramu 40 mara mbili kwa siku. Mikono ikatulia, akafurahi. Tetemeko la ugonjwa na tetemeko la sukari kushuka vimezimwa na kidonge kimoja.

Siku ya nguo za harusi amejidunga saa moja asubuhi, akanywa chai na chapati, chakula cha mchana kikachelewa. Kufikia saa saba anakata kitambaa kwa vipimo vya mteja mwingine, anajibu kwa hasira, na gauni limelowa mgongoni. Msichana anayemsaidia anadhani ni joto, na katika jiji lile nani angemlaumu? Mikono yake, ukiitazama, imetulia tuli. Mwanawe anapompima anakuta 2.7. Kwenye vipimo vya mmol/L, chini ya 3.9 ni onyo, chini ya 3.0 ni hatari.

Anapewa vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, kama gramu 15. Baada ya dakika 15 kipimo kinasoma 3.2, anarudia kiasi kilekile. Dakika 15 nyingine, 4.6, ndipo anakula wali. Kusuasua huko pia kunaweza kuhusiana na kidonge, maana propranolol huzuia hata vipokezi vinavyoliamuru ini kutoa sukari ya akiba. Atenolol na bisoprolol huelekea zaidi moyoni na huliacha ini kwa kiasi kikubwa. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1998, wagonjwa wa kisukari waliopewa atenolol hawakupatwa zaidi na kushuka kwa sukari kuliko waliopewa captopril. Hofu yangu kubwa, basi, ni propranolol pamoja na insulini, au pamoja na glibenclamide. Anayetumia metformin peke yake hana sababu ya kukosa usingizi.

Dalili zikipungua, kipimo lazima kishike nafasi yake. Wiki za mwanzo za kidonge, na kila dozi inapobadilishwa, ni vyema kupima kabla ya kila mlo, kabla ya kulala, na usiku mmoja mmoja saa nane au tisa. Stripi ni ghali, najua. Kwa insulini ya mchanganyiko, zikiwa chache, ningezitumia kwanza kabla ya chakula cha mchana na kabla ya kulala, kwa kuwa dozi ya asubuhi huuma zaidi kuelekea adhuhuri, na ya jioni hufanya kazi mtu akiwa usingizini. Anayeendesha gari au bodaboda apime kabla ya kuwasha. Na jasho lolote lisilo na maelezo, pamoja na kuchanganyikiwa au ukali usio wa kawaida, lidai stripi papo hapo. Kipimo cha HbA1c hakitasaidia hapa, maana ni wastani wa miezi miwili mitatu, na wastani huficha mabonde.

Kuacha kidonge ghafla ni kosa jingine. Moyo uliozoea kuzuiwa unaweza kurudi kwa kishindo, hasa kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, kwa hiyo daktari ndiye hupunguza, tena taratibu.

Mama fundi alipeleka kliniki daftari lenye vipimo vya kabla ya mchana: 3.6, 4.1, 3.4, 3.7. Daktari hakugusa propranolol. Alipunguza insulini ya asubuhi, akamwambia ale kitu saa nne, na aendelee kuandika kwa wiki mbili.